Ankara Imekosewa: Shilingi 37,120 Zilitoka Wapi, na Utamwelezaje Mteja?

Fundi mmoja wa Kibuye, hapa Kisumu, alinijia Machi na simu mkononi. Alikuwa amepeleka madawati 40 katika shule ya binafsi upande wa Ahero. Madawati yalipokelewa vizuri na mwalimu mkuu akayasifu. Kisha ikaja sauti ya WhatsApp kutoka kwa mhasibu wa shule, dakika mbili nzima, na kiini chake kilikuwa hiki: "Fundi, bei uliyoandika siyo tuliyokubaliana. Mimi nikipiga hesabu napata Sh226,060. Wewe umeandika Sh269,120. Mwalimu anakumbuka Sh232,000. Tulipe ipi?"

Madawati ni yaleyale 40, na hesabu zimekuwa tatu. Fundi alikuwa ameshajibu. Aliandika, "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, nitatuma invoisi nyingine." Akatuma nyingine yenye namba ileile ya kwanza, jumla ikiwa imebadilika. Sasa shule ikawa na karatasi mbili za namba moja na bei mbili, na mhasibu akakaa kimya.

Mimi kazi yangu ni kuwawekea vitabu wafanyabiashara wadogo, na kisa cha namna hii hunifikia karibu kila mwezi, hasa tangu iingie eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Watu wengi wanadhani ugumu uko kwenye kuomba msamaha. Kuomba msamaha ni sentensi moja. Kinachowashinda ni kueleza tofauti, yaani zile pesa zilizozidi ziliingia kwa mlango gani.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ankara, ambayo wengi wetu tunaiita invoisi, ni karatasi ya kudai: nimekupa hiki, unanilipa kiasi hiki. Risiti ni ushahidi kwamba umelipa. Siku hizi watu huita karatasi yoyote yenye msimbo wa QR "risiti ya KRA", na mchanganyiko huanzia hapo, kwa sababu ile karatasi ya eTIMS mara nyingi ni ankara na pesa bado hazijatoka mfukoni mwa mtu. VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida Kenya ni asilimia 16, na anayeitoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo. Sheria inamtaka ajisajili mauzo yake yanayotozwa kodi yakifika Sh5 milioni kwa mwaka. Kama hujasajiliwa, usiongeze VAT kwenye ankara yako hata shilingi moja. Fundi wetu amesajiliwa.

Neno la mwisho ni hati ya kupunguza. Kwenye skrini ya eTIMS utaiona imeandikwa Credit Note. Ni karatasi inayosema: ile ankara fulani ilidai zaidi ya haki, basi punguza kiasi hiki. Kuna anayeisikia akadhani ni mkopo, na kuna anayedhani ni pesa taslimu za kurudishiwa. Yenyewe inapunguza deni tu. Pesa zitarudi mkononi ikiwa mteja alikuwa ameshalipa zaidi ya deni lenyewe.

Sasa turudi kwenye madawati. Bei ilikubaliwa kwa simu, na fundi mwenyewe anakiri alisema, "elfu tano mia nane kwa dawati, kila kitu ndani." Kila kitu ndani maana yake VAT iko ndani. Madawati 40 kwa Sh5,800 ni Sh232,000, na mwalimu mkuu alikuwa sahihi.

Fundi alipokaa kuandika ankara, aliingiza Sh5,800 kwenye nafasi ya bei isiyo na kodi. Mfumo haukujua walivyoongea kwa simu. Ulichukua Sh232,000, ukaongeza asilimia 16, yaani Sh37,120, jumla ikawa Sh269,120. Kodi ikatozwa juu ya bei ambayo tayari ilikuwa na kodi tumboni. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote, na halimchagui fundi wala mwenye duka kubwa.

Zile Sh226,060 za mhasibu wa shule je? Yeye aliona VAT imezidi, akasema aitoe. Akachukua Sh269,120 akaondoa asilimia 16 yake. Inaonekana ni sawa, lakini siyo. Fikiria sufuria ya chai. Umetia vikombe 100 vya maji na vikombe 16 vya maziwa, sasa una vikombe 116 vya chai. Mtu akikuuliza maziwa ni kiasi gani humo, huwezi kumwambia ni vikombe 16 katika kila 100 vya chai, kwa sababu ile chai tayari ni mchanganyiko. Ni 16 katika kila 116. Kwa hiyo ukitaka kuitoa VAT kwenye bei ambayo iko ndani yake, gawanya kwa 1.16. Sh5,800 ukiigawanya kwa 1.16 unapata Sh5,000 kamili, na kodi ni Sh800. Ukitoa asilimia 16 ya Sh5,800 ungepata Sh4,872, na fundi angepoteza Sh128 kwa kila dawati bila kujua zilikoenda.

Ankara sahihi basi ni madawati 40 kwa Sh5,000, yaani Sh200,000, VAT Sh32,000, jumla Sh232,000.

Hapa ndipo wengi huteleza hata baada ya kupata jumla iliyo sahihi. Tofauti ni Sh37,120, na kwa bahati mbaya namba hiyo ni ileile iliyokuwa imeandikwa kwenye mstari wa VAT. Fundi akaniambia, "Basi nitoe VAT yote, nimemaliza." La. Ukitoa VAT yote, ankara itabaki na Sh232,000 zisizo na kodi kabisa, ilhali ndani yake kuna Sh32,000 za serikali ambazo fundi anadaiwa. Ukipanga ankara mbili ubavu kwa ubavu, tofauti inajigawa hivi:

Bei bila kodi: 232,000 ilipaswa kuwa 200,000. Imezidi 32,000.
VAT: 37,120 ilipaswa kuwa 32,000. Imezidi 5,120.
Jumla: 269,120 ilipaswa kuwa 232,000. Imezidi 37,120.

Kumbe kodi ilizidi kwa Sh5,120 tu. Sh32,000 nyingine zilizidi kwenye bei yenyewe. Mistari hii mitatu ndiyo maelezo ambayo mhasibu wa shule alikuwa akiyatafuta. Akiiona, anaelewa mara moja kwa nini hesabu yake ya Sh226,060 haikuwa sahihi, na huhitaji kumwambia amekosea. Kwa shule jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu elimu haitozwi VAT, hivyo shule haina mahali pa kwenda kudai VAT iliyolipa kwenye madawati. Kila shilingi iliyozidi ingebaki kuwa gharama yake.

Baada ya hesabu, karatasi. Wengi wanaamini ankara iliyokosewa inafutwa au inarekebishwa, kisha inatumwa upya kwa namba ileile, kama alivyofanya fundi. Zamani za kitabu cha risiti na kaboni uliweza kuchora mistari miwili ukaandika "imebatilishwa". Kwenye eTIMS ankara ikishatumwa imeshafika KRA na haibadilishwi. Kinachofanyika ni kutoa hati ya kupunguza inayotaja namba ya ankara ya kwanza pamoja na sababu. Hivyo ile karatasi ya pili ya fundi, aliyoichapa kwenye kompyuta ya saiba kwa namba ileile, haikuwa na maana yoyote kwa kodi. KRA walikuwa wanajua Sh269,120 tu.

Kuna njia mbili. Unaweza kutoa hati ya kupunguza ya ile tofauti peke yake, yaani Sh32,000 za bei na Sh5,120 za VAT, na ankara ya kwanza ikaendelea kuishi. Au unatoa hati ya kupunguza ya ankara yote, Sh269,120, kisha unaandika ankara mpya yenye namba mpya. Mimi hupendelea ya pili bei ya kipande inapokuwa imekosewa, kwa sababu mteja anabaki na ankara moja inayosomeka Sh5,000 kwa dawati, na mkaguzi akija mwaka ujao hakuulizi kwa nini dawati liliuzwa Sh5,800 kabla ya kodi. Ya kwanza inafaa kosa likiwa dogo na la wazi, mfano uliandika madawati 42 badala ya 40.

Usikawie. Sheria ya VAT ya 2013 inatoa miezi sita tangu siku ya ankara ya kwanza kwa hati ya kupunguza kutolewa. Lakini hata kabla ya hapo kuna tarehe 20. Marejesho ya VAT ya mwezi mmoja huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukirekebisha ankara ya Machi ndani ya Machi, mambo yanajisawazisha kabla hujalipa. Ukirekebisha Mei, utakuwa umeshalipa kodi ya Machi kwa namba iliyozidi, na utangoja marejesho ya Mei kuipunguza. Sh5,120 si nyingi, lakini fundi anazihitaji kununulia mbao leo.

Kuna wanaoogopa kwamba hati ya kupunguza ni kujishtaki kwa KRA. Chaguo hilo limewekwa kwenye mfumo kwa sababu makosa yanatokea kila siku. Kinacholeta maswali ni ankara ya Sh269,120 kukaa kwenye mfumo huku benki ikionyesha Sh232,000 zimeingia.

Sasa ule ujumbe. Tuutazame tena ule wa kwanza wa fundi: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Kiswahili chetu kina ujanja mmoja mzuri. Mtoto akiangusha kikombe hasemi "nimevunja", husema "kimevunjika", na kikombe kinabeba lawama peke yake. Barua za ofisini ndivyo zilivyo. Usumbufu umejitokeza, hitilafu imetokea, ankara imekoseka. Msomaji anasikia mara moja kwamba hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Zaidi ya hayo, ujumbe ule haukusema kosa ni nini, kiasi gani, wala mhasibu afanye nini na karatasi ya kwanza.

Tulikaa tukaandika upya. Nilimshauri apige simu kwanza, amwambie mhasibu kwa kifupi kwamba yeye ndiye aliyekosea na karatasi zinakuja, kisha atume. Ujumbe uliokwenda ulikuwa hivi, nimebadilisha namba tu:

"Madam, habari ya asubuhi. Ankara namba 0147 ya madawati 40 niliyokutumia tarehe 6 Machi niliikosea. Tulikubaliana na Mwalimu Sh5,800 kwa dawati, VAT ikiwa ndani. Mimi nikaingiza Sh5,800 kama bei isiyo na VAT, na VAT ikaongezwa juu yake mara ya pili. Hivyo nilidai Sh269,120 badala ya Sh232,000. Zilizozidi ni Sh37,120: Sh32,000 kwenye bei na Sh5,120 kwenye VAT. Kosa ni langu, na ninaomba radhi kwako na kwa Mwalimu. Pia ile karatasi niliyotuma juzi yenye namba hiyohiyo 0147 tafadhali itupe, haikupaswa kutoka.

Nimeambatisha hati ya kupunguza inayoondoa 0147 yote, na ankara mpya namba 0152 ya Sh232,000. Sh100,000 mlizolipa tarehe 10 Machi nimezihesabu kwenye 0152. Salio ni Sh132,000. Idadi na bei ya dawati havijabadilika. Mlikuwa na siku 30 za kulipa. Sasa zianze kuhesabiwa leo."

Radhi imo, na imekaa baada ya kosa kutajwa, kwa sababu huwezi kuomba radhi ya kitu ambacho msomaji bado hajui ni nini. Imeombwa mara moja. Ukiirudia mara nne, mhasibu ataanza kujiuliza kama kuna lingine ambalo hujalisema. Sababu imeelezwa kwa kitendo, nani aliingiza nini wapi, bila kusingizia mfumo. Kusema "mfumo wa KRA ulileta shida" kulimjaribu sana fundi, lakini mhasibu huyo naye hutumia eTIMS kila siku na angejua ni uongo.

Sentensi ya Sh100,000 nayo usiipuuze. Mteja aliyelipa sehemu ya ankara iliyofutwa hubaki na hofu moja: pesa zangu ziko wapi sasa? Ukimwandikia ankara mpya ya Sh232,000 bila kutaja alichokwisha lipa, karatasi mbele yake inamdai upya kila kitu. Taja tarehe aliyolipa, taja imehamia namba gani, kisha mpe salio. Hiyo ya salio ndiyo atakayoitazama akiandika hundi.

Zile siku 30 zilikuwa wazo langu, na fundi alilipinga. "Nimewasubiri wiki mbili tayari!" Ni kweli, lakini wiki mbili hizo ofisi ya shule ilizitumia kutafuta kosa lake. Alikubali kwa shingo upande.

Ingekuwa shule imeshalipa Sh269,120 zote, hati ya kupunguza ingewaachia Sh37,120 mkononi mwa fundi. Hapo usimwamulie mteja. Wafanyabiashara wengi huandika "tutazikata kwenye oda ijayo" kana kwamba oda ijayo ipo. Muulize: nirudishe, au zikae kwa kazi inayokuja? Akisema rudisha, rudisha kwa njia ileile aliyolipia, ili benki yake na yako zionyeshe kitu kimoja, na utaje namba ya hati ya kupunguza kwenye maelezo ya malipo.

Kosa la upande wa pili, la kudai pungufu, ni gumu zaidi kwa sababu sasa unaomba radhi huku unanyoosha mkono. Tuseme fundi angesahau Sh5,800 za usafiri kutoka Kibuye hadi Ahero ambazo shule ilikuwa imezikubali, VAT ikiwa ndani. Ile ya kwanza haiguswi. Anaandika ankara ya nyongeza ya usafiri peke yake, Sh5,000 na VAT Sh800, inayotaja namba ya ile ya kwanza, na kwenye ujumbe anaonyesha makubaliano yalikuwa wapi: simu ya tarehe fulani, au oda iliyosainiwa. Njia ambayo watu hupenda, ya kuzificha kwenye bei ya kazi inayofuata, huharibu bei ya kazi hiyo na hugundulika mteja anapolinganisha. Kama makubaliano hayakuandikwa popote na mteja hakumbuki, ushauri wangu ni uzibebe mwenyewe hizo Sh5,800.

Kwa wewe unayepokea ankara, jaribio ni jepesi. Chukua bei mliyoongea kwa kipande, zidisha kwa idadi, kisha tazama mstari wa mwisho wa ankara. Kama mlisema kila kitu ndani, namba hizo mbili lazima zilingane. Mstari wa mwisho ukiizidi hesabu yako kwa asilimia 16 kamili, VAT imeongezwa mara mbili na unaweza kumpigia muuzaji ukiwa na jibu tayari. Na ukipokea ankara mpya bila hati ya kupunguza, iombe kabla hujalipa, maana bila hiyo ile ya kwanza bado iko hai kwenye mfumo na bado inasema unadaiwa.

Mhasibu wa Ahero alijibu siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Hakusema lolote kuhusu radhi. Aliandika: "Nimeona. 5,120 ndiyo iliyokuwa inanisumbua." Kisha akatuma picha ya faili lake: ankara 0147 ikiwa na mstari wa kalamu nyekundu, hati ya kupunguza juu yake, 0152 juu kabisa, zote tatu zimebanwa kwa pini moja, na pembeni ameandika kwa mkono 132,000.